Sehemu Moja, Majibu Yasiyokwisha

Chukua sarafu za aina mbili tu, ya shilingi 50 na ya shilingi 100, kisha uliza watu wawili wenye akili timamu: shilingi 1,000 inaweza kulipwa kwa njia ngapi kwa kutumia sarafu hizo? Mmoja atakujibu 11. Mwingine atakujibu 10,946. Usiwagombanishe, kwa maana wote wawili wamepata.

Yule wa kwanza anatazama kilichomo mkononi. Kwake, njia moja inatofautiana na nyingine kwa idadi ya sarafu za kila aina tu. Ukitumia sarafu za 100 tisa na za 50 mbili, hiyo ni njia moja, basi. Sarafu za 100 zinaweza kuwa 0, 1, 2 na kuendelea hadi 10, na za 50 hujaza kilichobaki, hivyo jumla ya njia ni 11.

Wa pili anatazama sarafu zinavyotoka, moja baada ya nyingine, kama mtu anayezitumbukiza kwenye tundu la mashine. Kwake, kuanza na 50 kisha 100 si sawa na kuanza na 100 kisha 50. Kila mpangilio ni njia yake. Ndiyo maana idadi inafura hadi 10,946.

Cha kushangaza si ukubwa wa tofauti hiyo. Cha kushangaza ni kwamba majibu yote mawili yamehifadhiwa ndani ya sehemu mbili fupi zinazofanana karibu kila kitu:

```
1 / (1 - x - x^2 + x^3)      jibu la kwanza
1 / (1 - x - x^2)            jibu la pili
```

Kijipande kimoja tu, x³, ndicho kinachotenganisha 11 na 10,946. Makala haya yanaeleza namna swali la kuhesabu linavyogeuzwa kuwa sehemu ya aina hii, na namna sehemu hiyo inavyokamuliwa ili itoe majibu yake, moja baada ya jingine, bila kikomo.

Kazi ya herufi x

Tuanze kwa kurahisisha. Sarafu ndogo kabisa hapa ni ya 50, basi tuhesabu kwa kipimo hicho. Shilingi 50 ni hatua 1, shilingi 100 ni hatua 2, na shilingi 1,000 ni hatua 20.

Sasa fikiria unataka kuandika majibu ya kiasi chote kwa mpigo: njia za kulipa hatua 0, hatua 1, hatua 2 na kuendelea. Badala ya kuziandika kwenye jedwali, unaziandika kama jumla moja ndefu, na kila jibu unalipachika mbele ya x yenye kipeo kinachotaja hatua yake. Kwa yule mtu wa kwanza jumla hiyo inaanza hivi:

```
1 + x + 2x^2 + 2x^3 + 3x^4 + 3x^5 + 4x^6 + ...
```

Isome hivi: kulipa hatua 4, yaani shilingi 200, kuna njia 3, kwa sababu mbele ya x⁴ imesimama 3. Hakika ni tatu: mia mbili, au mia moja na hamsini mbili, au hamsini nne. Ile 1 ya mwanzo ni njia ya kulipa sufuri, ambayo ni moja tu, kutotoa chochote.

Herufi x haitafutwi thamani yake. Hapa si mlinganyo wa darasani unaoambiwa "tafuta x". Kazi yake ni kushika nafasi, ili 3 ya x⁴ isichanganyike na 4 ya x⁶. Ina faida moja kubwa ambayo jedwali halina: x² ukiizidisha kwa x⁴ unapata x⁶, yaani vipeo hujumlishana. Na fedha nazo hujumlishana vivyo hivyo, maana hatua 2 ukiongeza hatua 4 ni hatua 6. Kwa hiyo kuzidisha jumla mbili za namna hii ni sawa na kuunganisha malipo ya mifuko miwili, na aljebra inafanya kazi ya kuhesabu bila wewe kuorodhesha kitu.

Wanahisabati huiita jumla hiyo kitendakazi zalishi cha mfuatano. Ikiwa inaweza kufupishwa kuwa sehemu ambayo juu na chini kuna polinomia, basi umepata kitu kidogo kilichobeba kitu kisicho na mwisho.

Kutoka swali hadi sehemu

Mfuko wenye sarafu za 50 tu unaweza kutoa hatua 0, 1, 2, 3 na kuendelea, kila moja kwa njia moja. Jumla yake ni 1 + x + x² + x³ bila kikomo. Izidishe kwa (1 − x) uone kinachotokea: kila kipeo kinajitokeza mara mbili, mara moja kwa alama ya kujumlisha na mara moja kwa alama ya kutoa, navyo vinafutana vyote isipokuwa ile 1 ya mwanzo. Kwa hiyo jumla yote ile ni sawa na 1/(1 − x).

Mfuko wa sarafu za 100 hutoa hatua 0, 2, 4, 6. Kwa hoja ileile, jumla yake ni 1/(1 − x²). Mtu wa kwanza anachota kutoka mifuko yote miwili bila kujali mpangilio, basi unazizidisha:

```
1/(1 - x) * 1/(1 - x^2) = 1/(1 - x - x^2 + x^3)
```

Hiyo ndiyo sehemu yake. Kile kijipande x³ kimetoka pale −x ilipozidishwa kwa −x².

Mtu wa pili anafikiri kwa namna nyingine. Kwake kila tukio la kutoa sarafu ni chaguo: ama x, ama x². Kwa hiyo sarafu moja inaandikwa (x + x²), sarafu mbili mfululizo ni (x + x²) ikizidishwa kwa yenyewe, na sarafu tatu ni mara tatu. Anajumlisha malipo ya sarafu 0, 1, 2, 3 na kuendelea, na jumla hiyo ina umbo lilelile la kwanza, ila mahali pa x pamekaa (x + x²). Jibu ni 1/(1 − x − x²). Hapa hakuna x³, kwa kuwa hakuna mifuko miwili inayozidishwa. Kuna mlolongo mmoja tu.

Njia hii ya kuzidisha mifuko si mpya. Leonhard Euler, mwanahisabati wa Uswisi, aliitumia katika kitabu chake kilichochapwa Lausanne mwaka 1748, akihesabu njia za kuivunja namba moja kuwa jumla ya namba ndogo. Mwaka 1956 George Pólya, Mhangaria aliyefundisha Chuo Kikuu cha Stanford, aliifafanua kwa swali la chenji: dola moja ya Marekani inaweza kuvunjwa kwa njia ngapi kwa sarafu za senti 1, 5, 10, 25 na 50? Jibu ni 292.

Kukamua: mgawanyo mrefu wa shuleni

Sehemu tunayo. Sasa majibu yanatokaje humo? Kwa kugawanya. Alama ya sehemu ni alama ya kugawanya, na 1 inagawanywa kwa 1 − x − x² kwa njia ileile ndefu tuliyofundishwa shuleni, ila hapa tunaanza na kipeo kidogo kwenda kikubwa.

Mara ya kwanza, 1 ikigawanywa kwa 1 inatoa 1. Toa 1 − x − x² kutoka 1. Baki ni x + x². Andika 1 kwenye jibu.

Mara ya pili, kipande cha mbele cha baki ni x, basi andika x kwenye jibu. Zidisha asili kwa x upate x − x² − x³, uitoe kutoka kwenye baki. Zile x zinafutana. Kwenye x², ulikuwa na 1 na unaongeza 1, ni 2x². Nyuma yake kuna x³. Baki mpya ni 2x² + x³.

Mara ya tatu, andika 2x². Ukitoa, baki ni 3x³ + 2x⁴. Mara ya nne, andika 3x³, na baki ni 5x⁴ + 3x⁵. Mara ya tano, andika 5x⁴.

Jibu linasomeka 1, 1, 2, 3, 5, na ukiendelea linakuja 8, 13, 21, 34, 55, 89. Kila namba ni jumla ya mbili zilizotangulia. Huu ni mfuatano maarufu wa Fibonacci, unaoitwa hivyo kwa heshima ya Leonardo wa Pisa. Mtaliano huyo alisomeshwa hesabu akiwa kijana katika mji wa Bejaia, Algeria ya leo, na mwaka 1202 akaandika kitabu chenye fumbo la sungura wanaozaana kwa kanuni hiyo. Hapa mfuatano umezaliwa bila sungura hata mmoja, kutokana na sarafu tu. Hatua 10, yaani shilingi 500, zinatoa 89. Hatua 20 zinatoa 10,946.

Kwa nini mgawanyo ulitii kanuni hiyo? Jibu liko kwenye asili ya sehemu. Geuza alama za vipande vinavyofuata ile 1: −x inakuwa "chukua namba ya hatua moja nyuma", na −x² inakuwa "ongeza namba ya hatua mbili nyuma". Asili ni kanuni ya mfuatano iliyoandikwa kwa alama zilizogeuzwa. Kwa hiyo huna haja hata ya kugawanya kwa mkono. Isome asili, kisha jumlisha.

Jaribu kwa sehemu ya mtu wa kwanza. Asili yake ni 1 − x − x² + x³. Kanuni yake basi ni: chukua namba ya hatua moja nyuma, ongeza ya hatua mbili nyuma, toa ya hatua tatu nyuma. Ukianza na 1, 1, 2, inayofuata ni 2 + 1 − 1 = 2, kisha 2 + 2 − 1 = 3, kisha 3 + 2 − 2 = 3. Ndiyo mfuatano wa mwanzo: 1, 1, 2, 2, 3, 3, 4, 4. Kule kutoa namba ya hatua tatu nyuma ndiko kunakouzuia usifure.

Abraham de Moivre, Mfaransa aliyekimbilia London kwa sababu ya dini yake, alikuwa ameuelewa uhusiano huu mapema karne ya 18, na mwaka 1730 alichapisha kazi yake juu ya mifuatano inayojirejea. Kila mfuatano ambao namba yake inapatikana kwa kuzidisha zilizotangulia kwa namba zisizobadilika kisha kujumlisha, una sehemu ya polinomia mbili. Na kila sehemu ya namna hiyo, ilimradi asili yake haianzi na sufuri, inatoa mfuatano wa aina hiyo. Njia ni ya kwenda na kurudi.

Kiasi kina kazi gani?

Hadi sasa juu ya sehemu pamekaa 1 peke yake. Asili imebeba kanuni. Kiasi kimebeba mwanzo.

Chukua mfuatano unaoanza na 2 na 1, kisha unafuata kanuni ileile ya kujumlisha mbili zilizotangulia: 2, 1, 3, 4, 7, 11, 18. Unaitwa mfuatano wa Lucas, kwa jina la Édouard Lucas, mwanahisabati wa Ufaransa wa karne ya 19. Kwa kuwa kanuni ni ileile, asili ni ileile, 1 − x − x². Ili kupata kiasi, zidisha mfuatano kwa asili. Mahali pa mwanzo panabaki 2. Mahali pa x kuna 1 ya mfuatano kutoa 2, ni −1. Mahali pa x² kuna 3 kutoa 1 kutoa 2, ni sufuri. Kuanzia hapo sufuri haziishi, kwa sababu kila namba inaondolewa na jumla ya zilizotangulia. Sehemu yake ni (2 − x)/(1 − x − x²).

Hii ndiyo njia ya kutoka kwenye mfuatano kwenda kwenye sehemu: zidisha kwa asili, na kilichobaki kabla ya sufuri kuanza ndicho kiasi.

Sarafu nne za mfukoni

Sarafu zinazotumika zaidi Tanzania leo ni za shilingi 50, 100, 200 na 500. Kwa hatua zetu ni 1, 2, 4 na 10. Kwa mtu wa kwanza, asiyejali mpangilio, sehemu yake inaandikika mara moja:

```
1 / ((1 - x)(1 - x^2)(1 - x^4)(1 - x^10))
```

Ukifungua mabano yote utapata polinomia yenye kipeo cha juu cha 17, yaani kanuni inayotazama nyuma hadi hatua 17. Si lazima uyafungue. Kugawanya kwa mabano manne kunaweza kufanywa kwa zamu, bano moja kila mara, na kugawanya kwa (1 − x⁴) maana yake ni moja tu: kwa kila hatua, ongeza jibu jipya la hatua nne nyuma.

Tuandike majibu ya shilingi 0, 100, 200, hadi 1,000. Sarafu za 50 na 100 peke yake zinatoa:

1, 2, 3, 4, 5, 6, 7, 8, 9, 10, 11.

Sasa ingiza sarafu ya 200. Kila jibu linaongezewa jibu jipya la nafasi mbili nyuma kwenye safu hii, kwa kuwa kila nafasi ni shilingi 100. Namba ya tatu inakuwa 3 + 1 = 4, ya nne 4 + 2 = 6, ya tano 5 + 4 = 9. Safu nzima:

1, 2, 4, 6, 9, 12, 16, 20, 25, 30, 36.

Mwisho ingiza sarafu ya 500, ambayo inarudi nafasi tano nyuma. Hadi 400 hakuna kinachobadilika. Kwenye 500 ni 12 + 1 = 13, na kwenye 1,000 ni 36 + 13 = 49:

1, 2, 4, 6, 9, 13, 18, 24, 31, 39, 49.

Shilingi 1,000 inaweza kulipwa kwa sarafu hizo nne kwa njia 49, na shilingi 500 kwa njia 13. Tumejua hayo bila kuorodhesha hata njia moja.

Sehemu inakubali pia masharti ya maisha halisi. Tuseme mwenye duka ana sarafu za 50 mbili tu, ila za aina nyingine anazo tele. Mfuko wa 50 sasa hautoi jumla isiyokwisha. Unatoa 1 + x + x² basi. Hiyo ni sawa na (1 − x³)/(1 − x). Kwa hiyo asili haiguswi. Juu ya sehemu unaandika (1 − x³) badala ya 1. Maana yake kwenye mfuatano ni kutoa jibu la hatua tatu nyuma. Jibu la 1,000 ni 49, na hatua tatu nyuma ni shilingi 850. Njia za 850 ni sawa na za 800, yaani 31, kwa kuwa ile 50 ya ziada haina budi kulipwa kwa sarafu ya 50. Basi 49 − 31 = 18. Unaweza kuhakiki: bila sarafu ya 50, elfu moja ina njia 10, kwa sarafu za 50 mbili, 900 iliyobaki ina njia 8. Jumla ni 18.

Mwenye kompyuta anaweza kumwachia kazi PARI/GP, programu ya bure iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Bordeaux:

```
Vec(1/((1-x)*(1-x^2)*(1-x^4)*(1-x^10)) + O(x^21))
```

Itakupa namba 21, na ya mwisho ni 49. Angalia ile O(x^21). Inaiambia programu ikate kuanzia x²¹. Ukiandika O(x^20), hesabu itaishia x¹⁹ na namba ya mwisho utakayoiona ni 39, ambayo ni jibu la shilingi 950. Tahadhari ya pili: mfuatano ukianza na sufuri, Vec huziacha sufuri za mbele, na nafasi zote zinasogea. Kwa kosa hilo namba zinabaki sahihi, lakini unazisoma chini ya kipeo kisicho chao. Dawa ni kuhakiki jibu moja dogo unaloweza kulihesabu kwa vidole kabla ya kuamini lile kubwa.

Mfuatano ndani ya kikokotoo

Unaweza kuiona kazi hii kwa macho kwenye kikokotoo cha simu. Weka x iwe 0.001 katika 1/(1 − x − x²). Asili inakuwa 0.998999. Gawanya 1 kwa namba hiyo, na skrini itaonyesha 1.001002003005008 na tarakimu nyingine kadiri inavyoweza kubeba. Zigawe tatu tatu baada ya nukta: 001, 002, 003, 005, 008. Mfuatano wa Fibonacci umejipanga wenyewe, maana kila kipeo cha 0.001 kinausogeza mbele kwa tarakimu tatu.

Mpango huo una ukomo. Ukigawanya kwa mkono na kuendelea mbele, utafika 610 salama, kisha mahali pa 987 utakuta 988. Mgawanyo haujakosea. Namba inayofuata ni 1,597, ina tarakimu nne, haienei kwenye nafasi tatu, na ile 1 yake ya elfu imevuka kwenda kwa jirani.

Kuna ukomo mwingine mkubwa zaidi. Ukiweka x iwe 1, sehemu inatoa 1/(1 − 1 − 1) = −1, ilhali jumla yenyewe ni 1 + 1 + 2 + 3 + 5, inayokua bila mwisho. Kuipa x thamani kunaruhusiwa pale tu thamani hiyo ni ndogo kuliko namba inayoifanya asili kuwa sufuri. Kwa 1 − x − x², namba hiyo ni takriban 0.618. Na gawanya 1 kwa 0.618: unapata takriban 1.618, ambayo ndiyo kasi ya kukua kwa mfuatano. Kila namba ni karibu mara 1.618 ya iliyotangulia.

Hapo ndipo siri ya 11 na 10,946 inapofichuka. Asili ya mtu wa kwanza ni (1 − x)(1 − x²), na inakuwa sufuri kwenye 1 na −1. Gawanya 1 kwa 1 unapata 1: hakuna kuzidishwa hatua kwa hatua, ukuaji ni wa kupanda taratibu tu. Ukitaka kujua mfuatano utakua kwa kasi gani, tafuta namba iliyo karibu zaidi na sufuri inayoifanya asili iwe sufuri.

Pale sehemu inapodanganya, na pale isipokuwepo

Mara nyingi mtu hana swali lenye mifuko. Ana namba chache tu mkononi, naye anataka kubahatisha sehemu yake. Hapa ndipo wengi huanguka.

Weka nukta kwenye duara, unganisha kila nukta na kila nyingine kwa mistari iliyonyooka, ukihakikisha mistari mitatu haikutani mahali pamoja ndani, kisha hesabu vipande vya duara. Nukta 1 inatoa kipande 1, nukta 2 vipande 2, kisha 4, 8, 16. Nani asingesema sehemu yake ni 1/(1 − 2x), na kwamba inayofuata ni 32? Ni 31. Hesabu mwenyewe kwa penseli. Sehemu ya kweli ni:

```
(1 - 3x + 4x^2 - 2x^3 + x^4) / (1 - x)^5
```

Asili zinaonyesha kuwa mifuatano hii miwili si ndugu hata kidogo. Asili ya kwanza inakuwa sufuri kwenye nusu, kwa hiyo mfuatano wake hujizidisha mara mbili kila hatua. Ya pili inakuwa sufuri kwenye 1, kwa hiyo mfuatano wake hupanda polepole kuliko kujizidisha, hata kama umefanana na mwenzake mara tano za mwanzo.

Kanuni ya kujilinda ni hii. Ikiwa unashuku kanuni inayotazama hatua d nyuma, unahitaji namba 2d kuipata tu, na nyingine za ziada kuihakiki. Namba ulizotumia kutengeneza sehemu haziwezi kuwa shahidi wake. Uhakiki wenyewe ni ule wa kuzidisha kwa asili na kutazama sufuri. Mfuatano wa duara ukizidishwa kwa (1 − 2x) unatoa 1, 0, 0, 0, 0, kisha −1. Sufuri zikikatika, kisio limeanguka.

Iko pia mifuatano ambayo haina sehemu ya namna hii kabisa, hata utafute miaka mingapi. Mfuatano 1, 1, 2, 6, 24, 120, ambao kila hatua unazidishwa kwa namba kubwa kuliko ya hatua iliyotangulia, hauwezi kuwa na sehemu, kwa kuwa sehemu haiwezi kuukuza mfuatano kwa kasi inayoongezeka bila mpaka. Mfuatano wa Catalan, 1, 1, 2, 5, 14, 42, nao hauna. Fomula yake fupi ipo, lakini ndani yake kuna kipeuo cha pili, na kipeuo hicho hakigeuki kuwa polinomia. Namba tasa nazo hazina.

Kwa hiyo ukikutana na mfuatano, uliza kwanza kama kila namba inapatikana kwa kutazama idadi maalumu ya zilizotangulia na kuzizidisha kwa namba zisizobadilika. Ikiwa ndiyo, sehemu ipo, andika asili yake na uanze kugawanya. Ikiwa siyo, funga daftari la sehemu na utafute zana nyingine.